Kusoma Grafu ya Mstari Kutoka Kwenye Picha: Mfano wa Malaria kwa Watoto

Grafu nyingi zinazofika katika kata ya Susuni, wilayani Tarime, hazifiki zikiwa taarifa kamili. Hufika zikiwa picha. Mtu aliyehudhuria kikao cha wilaya hupiga picha ya slaidi iliyooneshwa ukutani, au ya ukurasa wa kitabu kilichofunguliwa juu ya meza, kisha huituma kwa simu kwa wenzake wa zahanati. Taarifa yenyewe, pamoja na majedwali yake na maelezo ya namna takwimu zilivyopatikana, hubaki ilikotoka. Mpokeaji huwa na mstari unaopanda na kushuka, mihimili miwili ambayo pengine mmoja umekatwa ukingoni, na kazi ya kuwaeleza wajumbe wa kamati ya afya kwa maandishi mafupi kile ambacho mstari huo unasema.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Makala haya yanaufuata katika mfano mmoja unaoigusa Mara moja kwa moja: grafu ya taifa ya maambukizi ya malaria kwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, kama ilivyopimwa katika tafiti tano za kitaifa za kaya nchini Tanzania. Tafiti hizo ni za 2007–08, 2011–12, 2015–16, 2017 na 2022. Katika kila utafiti, watoto wa kaya zilizochaguliwa walitobolewa kidole na damu yao kupimwa kwa kipimo cha haraka cha malaria. Grafu inayochorwa kutokana nazo ina nukta tano tu zilizounganishwa kwa mistari minne iliyonyooka. Inaonekana rahisi mno, na ndiyo maana inafaa kufundishia, kwa kuwa karibu kila kosa linalofanywa katika kusoma grafu za picha linaweza kufanyika hapo.

Jambo la kwanza ni kusoma maneno kabla ya mstari. Kichwa cha grafu, maelezo ya mihimili na ufunguo wa rangi ndivyo vinavyosema kilichopimwa ni nini, kwa nani, na kwa kipimo gani. Katika mfano huu, kipimo ni suala zito. Utafiti wa 2011–12 ulipima damu ya watoto kwa njia mbili. Kipimo cha haraka kilionesha takriban watoto 9 katika kila 100 wana malaria, ilhali hadubini ilionesha takriban 4. Hakuna njia iliyodanganya kati ya hizo mbili. Kipimo cha haraka hutambua protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona. Hadubini humtafuta kimelea mwenyewe. Mtu anayeiandikia kamati yake kwamba malaria ni asilimia 9 bila kutaja kipimo ameacha nje neno ambalo lingebadilisha namba hiyo kwa zaidi ya nusu.

Kwa Susuni hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa Tarime inapakana na Kenya na picha za grafu huvuka mpaka kirahisi kuliko watu. Tafiti za malaria za Kenya za mwaka 2010, 2015 na 2020 huripotiwa kwa kawaida kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 14, na kwa hadubini. Grafu ya Kenya ikiwekwa kando ya ile ya Tanzania ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa kwa kipimo cha haraka, mistari yote miwili itakuwa na neno malaria na alama ya asilimia, lakini haitakuwa inapima jambo moja. Kama kichwa cha grafu kimekatwa katika picha, jibu sahihi ni kumwomba aliyeipiga atume picha nyingine. Kukisia kichwa hakukubaliki hata kidogo, kwa sababu kosa la kukisia namba huwa dogo, lakini kosa la kukisia kilichopimwa halina mpaka.

Jambo la pili ni mihimili. Msomaji aangalie mhimili wima unaanzia wapi. Ukianzia sifuri, urefu wa nukta kutoka chini unalingana na ukubwa wa namba yake. Ukianzia 5, kwa mfano, mtoto mmoja zaidi katika kila 100 ataonekana kama mlima. Kisha ahesabu kila hatua ya mhimili ni kiasi gani: je, mistari mlalo imechorwa kila baada ya 5, au 10, au 2? Hatua hiyo ndiyo rula ya kweli ya grafu. Rula ya mbao iliyo mkononi ni chombo cha kugawanya hatua hiyo tu.

Hapa ndipo picha inapotofautiana na karatasi. Karatasi iliyolala juu ya meza ina kipimo kimoja upande wa kushoto na upande wa kulia. Picha iliyopigwa na mtu aliyeketi pembeni ya ukumbi haina sifa hiyo. Upande ulio karibu na kamera huwa mkubwa, upande ulio mbali huwa mdogo, na mistari mlalo iliyokuwa sambamba huanza kukutana kama reli inayoishia mbali. Macho hulirekebisha jambo hilo yenyewe bila mtu kujua, kwa hiyo picha huonekana sawa. Rula hairekebishi.

Ichukuliwe kuwa grafu ya tafiti tano imepigwa picha namna hiyo, kamera ikiwa upande wa kulia, na picha ikachapishwa kwenye karatasi. Mhimili wima unaanzia 0 hadi 20, na mistari mlalo imechorwa kila baada ya 5. Kwenye nukta ya kwanza, kushoto, umbali kati ya mstari mmoja na unaofuata ni milimita 18. Kwenye nukta ya pili umbali huo ni milimita 19.5, kwenye ya tatu 21, kwenye ya nne 22.5, na kwenye nukta ya mwisho, kulia kabisa, ni milimita 24. Mhimili wenyewe, wenye namba zilizoandikwa, uko kushoto.

Msomaji mwenye haraka hupima mhimili mara moja, pale zilipo namba. Huona kwamba milimita 18 ni sawa na 5, kisha hutumia kipimo hicho kwa grafu nzima. Nukta ya kwanza ina urefu wa milimita 65 kutoka sifuri, naye anapata 18, ambayo ni sahihi. Nukta ya pili, yenye urefu wa milimita 36.5, inampa 10.1. Ya tatu, milimita 60.5, inampa 16.8. Ya nne, milimita 33, inampa 9.2. Ya mwisho, milimita 39, inampa 10.8.

Tatizo la matokeo hayo si kwamba namba zimekuwa kubwa kidogo. Mpangilio wenyewe umegeuka. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2022 uko juu ya 2011–12, na msomaji ataiandikia kamati kwamba malaria kwa watoto imerudi na kupita kiwango cha muongo uliopita. Wajumbe watauliza vyandarua vilivyogawiwa vimefanya kazi gani, na swali lao litakuwa la haki. Lakini litakuwa limezaliwa na pembe ya kiti alichokalia mpiga picha.

Dawa yake ni kupima kila nukta kwa mistari iliyo jirani nayo, mahali pale pale ilipo. Msomaji hutafuta mstari mlalo ulio chini ya nukta na ule ulio juu yake. Hupima umbali kati ya mistari hiyo miwili, wima, akipitia kwenye nukta. Kisha hupima umbali kutoka mstari wa chini hadi katikati ya nukta. Hesabu inayofuata ni ya uwiano:

```
kadirio = mstari wa chini + (umbali wa nukta ÷ umbali wa mistari) × hatua
```

Nukta ya kwanza iko kati ya 15 na 20, milimita 11 juu ya mstari wa 15, na mistari imeachana kwa milimita 18. Kumi na moja kugawanya kwa 18, mara 5, ni takriban 3.1, ukijumlisha 15 unapata 18.1. Nukta ya pili iko milimita 17 juu ya mstari wa 5, mistari ikiachana kwa 19.5, na inatoa 9.4. Ya tatu iko milimita 18.5 juu ya mstari wa 10, mistari ikiachana kwa 21, na inatoa 14.4. Ya nne iko milimita 10.5 juu ya mstari wa 5, mistari ikiachana kwa 22.5, na inatoa 7.3. Ya tano iko milimita 15 juu ya mstari wa 5, mistari ikiachana kwa 24, na inatoa 8.1. Sasa 2022 imerudi chini ya 2011–12, mahali pake.

Grafu nyingine hazina mistari mlalo, bali vialama vidogo tu kwenye mhimili. Hapo msomaji hulazimika kuvuta mistari mwenyewe, na picha iliyopinda humshinda isipokuwa mhimili wa kulia nao una vialama. Kama upande wa kulia hauna chochote, ni afadhali kuomba picha iliyopigwa kamera ikitazamana na karatasi moja kwa moja. Dalili ya kupinda ni rahisi kuiona: pembe nne za fremu ya grafu zifananishwe na kona ya daftari. Zisipolingana, picha imepinda. Ukurasa wa kitabu kinene una tatizo jingine, kwa kuwa karatasi hujikunja kuelekea mshono, na nukta za karibu na mshono hubanwa pamoja. Hapo hata mhimili mlalo hauaminiki, na miaka inaweza kusomwa vibaya sawa na asilimia.

Baada ya kupata 18.1, 9.4, 14.4, 7.3 na 8.1, kishawishi ni kuziandika hivyo hivyo. Desimali hizo hazistahili kuandikwa. Kwenye nukta ya kwanza, milimita moja ya rula ni takriban asilimia 0.3, kwenye nukta ya mwisho ni 0.2. Nukta yenyewe ina unene wa milimita moja au mbili, na rula ya kawaida haisomeki kwa uhakika chini ya nusu milimita. Ukichanganya hayo na ukungu wa picha iliyobanwa wakati wa kutumwa, kosa la kusoma linafika nusu asilimia bila shida, na kwa picha mbaya linafika asilimia moja. Kwa hiyo namba inayoweza kutetewa ni namba nzima: takriban 18, takriban 9, takriban 14, takriban 7, takriban 8. Njia ya kujipima ni kumpa mtu wa pili picha ile ile na rula ile ile, bila kumwonesha namba za kwanza. Tofauti kati ya masomo yao mawili ndiyo kipimo cha kweli cha kosa, na huwa kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Namba hizo nzima zinalingana na zile zilizochapishwa katika taarifa za tafiti hizo, kwa kipimo cha haraka. Desimali zake hutofautiana kidogo kutoka chapisho moja hadi jingine, kutegemea kama hesabu ni ya Tanzania Bara peke yake au pamoja na Zanzibar, ambako malaria ni ndogo sana. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoandika desimali iliyotoka kwenye rula: huenda ikafanana na desimali rasmi ya hesabu isiyo yake, na msomaji akadhani ameithibitisha.

Sasa migeuko. Mgeuko ni mahali ambapo mstari uliokuwa ukishuka unaanza kupanda, au uliokuwa ukipanda unaanza kushuka. Grafu hii ina mitatu: bonde la 2011–12, kilele cha 2015–16, na bonde la 2017. Lakini mstari kati ya nukta haukupimwa na mtu yeyote. Ulichorwa ili kuunganisha nukta. Hakuna aliyepima watoto wa taifa zima kwa namna hiyo mwaka 2013, kwa hiyo grafu haijui kama mwaka huo maambukizi yalikuwa 11, au yalishuka hadi 8 kwanza kabla ya kupanda. Kilele halisi kinaweza kuwa kabla ya 2015 au baada yake. Kinachojulikana ni kwamba, kati ya tafiti zilizofanyika, ule wa 2015–16 ndio uliokuwa juu kuliko wa kabla na wa baada yake. Sentensi "malaria ilifikia kilele mwaka 2015" inasema zaidi ya kile ambacho grafu inakijua. Sentensi "mgeuko wa juu unaonekana katika utafiti wa 2015–16" inasema kile kilichopo.

Kuna jambo jingine kuhusu mhimili wa miaka, na hili ni gumu zaidi kuonekana. Wachoraji wengi wa slaidi huzipanga tafiti kwa nafasi sawa, kana kwamba zimepishana kwa muda mmoja. Ukweli ni kwamba kati ya utafiti wa kwanza na wa pili kulikuwa na takriban miaka minne, kati ya wa pili na wa tatu takriban minne tena, kati ya wa tatu na wa nne takriban miwili tu, na kati ya wa nne na wa tano zaidi ya minne. Kwa jicho, kushuka kwa kwanza, kutoka 18 hadi 9, ndiko kunakoonekana kuwa kukali zaidi. Ukigawanya kwa miaka, kushuka huko ni zaidi kidogo ya watoto 2 katika kila 100 kwa mwaka. Kushuka kutoka 14 hadi 7 kati ya 2015–16 na 2017 ni watoto 3 hadi 4 katika kila 100 kwa mwaka. Mteremko wa pili ndio uliokuwa wa kasi, ingawa karatasi inauonesha kuwa mfupi. Kwa sababu hiyo, maneno kama "kwa kasi" na "polepole" yasiandikwe kabla mwandishi hajagawanya kwa muda.

Miezi nayo haikufanana. Utafiti wa 2007–08 ulifanyika kati ya Oktoba na Februari, wa 2011–12 kati ya Desemba na Mei, wa 2015–16 kati ya Agosti na Februari, wa 2017 kati ya Oktoba na Desemba, na wa 2022 kati ya Februari na Julai. Malaria hufuata mvua, ikichelewa wiki chache nyuma yake. Utafiti wa mwisho wa mwaka 2017 ulimalizika kabla ya masika, na ule wa 2022 uliyapitia masika yote. Sehemu fulani ya tofauti kati ya 7 na 8 inaweza kuwa kalenda tu. Hili haliandikwi katika vipengele vya mwenendo kama sababu, lakini linafaa kuandikwa chini yake kama angalizo, na ndilo linalomzuia mwandishi makini asilifanye hilo ongezeko dogo kuwa habari.

Vipengele vyenyewe sasa vinaweza kuandikwa. Kila kipengele kiwe na mambo manne: mwelekeo, mwanzo, mwisho, na alama inayoonesha kwamba namba ni kadirio. Kwa picha ya mfano huu, maandishi yanayofaa kupelekwa kwenye kamati ni haya:

• Kwa jumla, kati ya utafiti wa 2007–08 na wa 2022, maambukizi ya malaria kwa watoto wa miezi 6–59 (kipimo cha haraka, Tanzania) yameshuka kutoka takriban 18% hadi takriban 8%. Kushuka hakukuwa kwa mfululizo.

• Kushuka kwa kwanza: kutoka takriban 18% (2007–08) hadi takriban 9% (2011–12). Mgeuko wa chini unaonekana katika utafiti wa 2011–12.

• Kupanda: kutoka takriban 9% hadi takriban 14% (2015–16). Mgeuko wa juu unaonekana katika utafiti huo.

• Kushuka kwa pili, kwa muda wa takriban miaka miwili: kutoka takriban 14% hadi takriban 7% (2017). Mgeuko wa chini unaonekana katika utafiti wa 2017.

• Kati ya 2017 na 2022 hakuna badiliko linaloweza kuthibitishwa kwa picha hii (takriban 7% na takriban 8%, tofauti haizidi kosa la kusoma).

Namba zote ni makadirio yaliyosomwa kwa rula kutoka kwenye picha ya grafu, si namba za jedwali. Kosa la kusoma: hadi asilimia 1 juu au chini. Tafiti hazikufanyika katika miezi ile ile.

Neno "takriban" limerudiwa mbele ya kila namba, na linachosha kidogo. Lirudiwe hivyo hivyo. Kipengele kimoja kinaweza kunyofolewa na kupelekwa kwenye taarifa nyingine bila maelezo ya chini, na namba iliyopoteza neno lake hugeuka kuwa takwimu rasmi mara tu inapochapwa. Wengine hupendelea alama ya wimbi, ~18%. Inafaa kwenye jedwali lenye nafasi finyu, ingawa wapo wanaoisoma kama alama ya kutoa, na kwenye nakala ya fotokopi hupotea. Na kama baadhi ya nukta katika grafu zina namba zilizochapishwa kando yake, namba hizo hunakiliwa kama zilivyo, bila "takriban", huku zile zilizosomwa kwa rula zikibaki na alama yake. Kuzichanganya chini ya alama moja ni kupoteza uhakika uliokwisha kupatikana.

Kipengele cha mwisho kati ya vile vitano ndicho huzua mabishano. Mstari unapanda, kila mtu anauona, na mwandishi anasema hakuna badiliko. Lakini makosa ya nukta mbili hukutana. Ikiwa 7 inaweza kuwa 6.5 au 7.5, na 8 inaweza kuwa 7.5 au 8.5, mstari huo unaweza kuwa umelala. Juu ya kosa la rula kuna kosa jingine ambalo rula hailijui, la utafiti wenyewe, kwa kuwa watoto waliopimwa ni sampuli. Taarifa kamili huonesha ukubwa wa kosa hilo, ambao picha haiuoneshi. Makosa haya mawili hayafanani na yasiandikwe kama moja: la kwanza hutoweka siku jedwali linapopatikana, la pili hubaki.

Sababu nazo zina mahali pake, na si ndani ya vipengele. Inajulikana kwamba kati ya 2009 na 2011 Tanzania iligawa vyandarua vyenye dawa kwa mamilioni, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kwa kaya zote, na bonde la 2011–12 limekaa mara tu baada ya ugawaji huo. Inajulikana pia kwamba chandarua huchakaa na kutoboka baada ya miaka michache. Ni rahisi kuusimulia mstari wote kwa vyandarua. Grafu ya mstari mmoja, hata hivyo, haioneshi vyandarua, mvua wala dawa. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kuzitaja sababu aziweke katika aya nyingine, na aseme zimetoka wapi.

Swali ambalo mjumbe wa Susuni atauliza kwanza ni jingine kabisa: hapa kwetu je? Kwa hilo mstari wa taifa hautoshi. Katika utafiti wa 2011–12, wakati wastani wa taifa ulikuwa takriban 9%, Mkoa wa Mara ulikuwa karibu na robo ya watoto, miongoni mwa mikoa iliyokuwa juu kabisa. Yaani bonde la taifa halikuwa bonde kwa Mara. Vipengele vilivyoandikwa kutoka grafu ya taifa vibebe neno "Tanzania" ndani yake, kama ilivyofanywa hapo juu, ili asije mtu akavisoma kana kwamba vinahusu kata.

Kile kinachohusu kata kiko ukutani mwa kituo cha afya chenyewe, nacho husomwa kwa kanuni tofauti kidogo. Grafu ya kila mwezi ya wagonjwa wa malaria ina nukta 12 kwa mwaka, kwa hiyo mgeuko wake unaweza kutajwa kwa mwezi, na mstari ukiwa umelala juu kwa miezi miwili huandikwa "kati ya Mei na Juni" badala ya kuchagua mmoja. Haionyeshi asilimia ya watoto wenye vimelea bali idadi ya waliofika na kupimwa; mwezi ambao vipimo viliisha stoo unaweza kuonekana kama bonde. Kwa hiyo, kabla bonde halijaandikwa, daftari la stoo lifunguliwe. Chati ya chanjo ni tofauti tena. Mstari wake ni wa jumla inayolimbikizwa, mwezi juu ya mwezi, na hauwezi kushuka kamwe. Ukionekana umeshuka, ama mchoraji amekosea au picha imepinda. Mgeuko wa kutafuta hapo si kilele wala bonde, bali mwezi ambao mstari unapoteza mwinuko wake, na nafasi kati ya mstari wa dozi ya kwanza na ule wa dozi ya tatu inapoanza kupanuka.

Picha ya asili ihifadhiwe pamoja na vipengele, ikiwa na tarehe iliyopokelewa na jina la taarifa ilikotoka kama linajulikana, pamoja na karatasi ya vipimo vya rula. Siku taarifa kamili itakapopatikana, namba za jedwali huchukua nafasi ya makadirio moja baada ya nyingine, neno "takriban" likifutwa pale tu ambapo namba mpya imeingia. Maelezo ya chini huandikwa upya kutaja jedwali na ukurasa, na vipengele vya zamani hubaki kwenye faili vikiwa vimepigwa mstari, ili aliyevinukuu aweze kujua kilichobadilika.